Keria ya Klampu Juu ya Paa la Gari

Keria inayofungwa kwa klampu haitobolei bati la gari wala haichomelewi. Hushika kwa kubana tu, na kinachobanwa ni ukingo wa paa. Katika magari ya zamani na yale ya kazi, ukingo huo ni mfereji mwembamba wa chuma unaopita ubavuni mwa paa kukinga maji ya mvua. Toyota HiAce nyingi, Land Cruiser za familia ya 70 na Land Rover Defender za zamani zina mfereji wa namna hiyo. Katika magari madogo ya siku hizi mfereji haupo, paa ni laini hadi kwenye mlango, kwa hiyo klampu huingizwa kwenye nafasi ya mlango na kushika ukingo wa chuma ulio juu yake, kisha mlango hufungwa juu ya kulabu.

Kila mguu wa keria ya aina hii ya pili una sehemu mbili zenye kazi tofauti. Sehemu ya kwanza ni kikanyagio chenye mpira kinachokaa juu ya paa, karibu kabisa na ukingo. Hicho ndicho kinachobeba uzito. Sehemu ya pili ni kulabu, ambayo haibebi mzigo hata kidogo gari linaposimama. Kazi yake ni kuvuta mguu ushuke na kuukandamiza mpira kwenye paa, ili keria isiteleze dereva anaposhika breki, isihame kwenye kona na isinyanyuliwe na upepo. Ajali nyingi za keria hutokea kwa sababu mtu ameangalia kazi moja akaisahau nyingine. Mmoja hukaza klampu barabara kisha akapakia mzigo ambao paa haliwezi, mwingine hupakia kidogo lakini kulabu imelegea.

Kikomo cha mzigo huanzia kwenye paa lenyewe. Bati la paa ni jembamba, na mtu akilibonyeza katikati kwa kiganja huliona likibonyea. Nguvu iko pembeni, pale paa linapokutana na nguzo za milango, na ndiyo maana kikanyagio hukaa pembeni. Lakini hata pembeni pana kikomo, na mtengenezaji wa gari hukiandika katika kitabu cha gari. Kwa magari madogo ya abiria mara nyingi huwa kati ya kilo 50 na 100, na kilo 75 ni tarakimu inayokutwa mara kwa mara. Kikomo hicho hakikuwekwa kwa hofu ya paa kubonyea pekee. Mzigo ulio juu hupandisha kitovu cha uzito wa gari, nalo hulala zaidi kwenye kona, hukawia kurudi sawa baada ya kukwepa shimo, na breki hupata kazi ya ziada.

Magari mengi yanayouzwa Afrika Mashariki yametumika kwanza Japani, na kitabu chake, kama kipo, kimeandikwa Kijapani. Anayekikosa kabisa kitabu hafai kukisia kwa kutazama ukubwa wa gari, kwa kuwa magari mawili yenye umbo linalokaribiana yanaweza kuwa na vikomo tofauti. Njia nzuri ni kutafuta kitabu cha toleo hilohilo lililouzwa katika nchi inayotumia lugha inayosomeka, na mpaka kipatikane, kutozidisha kilo 50 pamoja na keria yenyewe.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayosahauliwa zaidi. Kikomo cha paa ni cha kila kitu kilicho juu ya paa: pau, miguu, sinia la kuwekea mzigo, kamba, turubai na mzigo wenyewe. Keria za kuchomelewa mtaani ndizo zinazodanganya zaidi hapa, kwa sababu hutengenezwa kwa paipu za mraba za chuma ambazo huonekana nyepesi zikiwa dukani. Paipu ya milimita 25 kwa 25 yenye unene wa milimita 1.5 ina uzito wa takriban kilo 1.1 kwa kila mita. Keria ya urefu wa mita mbili na nusu na upana wa mita 1.3, yenye fremu mbili, ya chini na ya juu, vipande vya kukingama na vijiti vya kuunganisha, hula kwa urahisi mita 28 za paipu. Hizo ni kilo 31 kabla mtu hajaweka hata begi. Juu ya HiAce si neno. Juu ya gari dogo lenye kikomo cha kilo 50, karibu theluthi mbili ya nafasi imekwisha liwa na chuma.

Kuna vikomo vingine viwili. Pau na klampu zina kikomo chake, nacho huandikwa kwenye boksi au kwenye kibandiko kilicho chini ya upau. Gari nalo lina uzito wa juu unaoruhusiwa kwa jumla, pamoja na abiria, mafuta na mizigo ya ndani. Kinachofuatwa ni kile kinachofikiwa kwanza. Pau zenye uwezo wa kilo 100 haziongezi chochote kwenye paa la kilo 75.

Barabara mbovu hupunguza zaidi. Taili linapotumbukia shimoni na kuibuka, mzigo wa juu hugonga miguu ya keria kwa nguvu kuliko uzito wake wa mizani. Baadhi ya watengenezaji wa keria huagiza kwamba nje ya lami kikomo kigawanywe kwa moja na nusu, na ni hesabu nzuri hata kwa keria ambayo mtengenezaji wake hakusema lolote.

Chukua mfano wa gari dogo la milango minne lenye kikomo cha kilo 75. Pau mbili pamoja na miguu yake minne zina kilo 6, na sinia la chuma linalofungwa juu ya pau hizo lina kilo 14. Jumla ni kilo 20, kwa hiyo mzigo wenyewe usizidi kilo 55. Familia inataka kupakia masanduku mawili ya kilo 18 kila moja na godoro la kilo 12. Hizo ni kilo 48, na kwenye lami zinaruhusiwa. Lakini safari ikiishia kwenye kilomita kadhaa za barabara ya vumbi yenye mawimbi, kikomo kinakuwa kilo 50, ukitoa kilo 20 za keria zinabaki 30. Sanduku moja na godoro vinafikia 30 kamili. Sanduku la pili liende kwenye buti, na lile zito ndilo liwe la kwanza kushuka.

Baada ya hesabu ndipo kufunga. Paa huoshwa kwanza, na ukingo ndani ya mlango hufutwa kwa kitambaa kibichi hadi kitambaa kitoke safi. Vumbi linalobaki chini ya mpira hufanya kazi ya msasa: kila mtikisiko wa safari hulisugua kwenye rangi, na baada ya muda pale palipokanyagwa na mguu huonekana doa lililochujuka, kisha kutu. Paa lenye nta au maji hutelezesha mpira, kwa hiyo likaushwe vizuri.

Upau wa mbele huwekwa juu ya mlango wa mbele na wa nyuma juu ya mlango wa nyuma. Umbali kati yake hutolewa na maelezo ya keria, na katika gari dogo mara nyingi huangukia sentimita 70 au karibu na hapo. Zikikaribiana mno, mzigo mrefu huyumba mbele na nyuma na kulivuta upau mmoja juu huku ukiukandamiza mwingine. Upau unyanyuliwe na watu wawili na kuwekwa mahali pake, usiburutwe. Kisha upimwe kwa futi ya kukunja: sehemu inayotokeza kulia iwe sawa na ya kushoto, na umbali kati ya pau mbili uwe uleule pande zote mbili za gari. Tofauti ya sentimita moja au mbili haionekani kwa macho ya aliyesimama chini, lakini inatosha kufanya kulabu ya upande mmoja ikae mshazari na kushika kwa ncha tu.

Hapo milango yote minne hufunguliwa na kulabu kuingizwa chini ya ukingo. Kulabu inapaswa kulala juu ya chuma kwa upana wake wote. Isikalie mpira wa mlango, kwa sababu mpira utabonyea polepole na klampu italegea yenyewe bila nati kuzunguka hata kidogo. Klampu nyingi hutengenezwa kwa umbo la gari maalumu, na ya gari jingine inaweza kuonekana kama inakaa hadi siku upepo utakapoijaribu. Ishara yake ni mwanga unaopenya kati ya kulabu na chuma mtu anapochungulia kutoka upande.

Kukaza hufanywa kwa zamu. Ukikaza mguu wa kulia hadi mwisho kabla ya kugusa wa kushoto, upau mzima huvutwa kulia, na yule wa kushoto hukazwa ukiwa umekaa vibaya. Kila mguu hukazwa kidogo, mizunguko michache kulia, michache kushoto, hadi kulabu zote zishike. Hapo hupimwa tena kama upau bado uko katikati, kisha hukazwa mara ya mwisho, bado kwa zamu.

Swali gumu ni kukaza kiasi gani. Maelezo ya keria hutoa kiasi hicho kwa kipimo cha nyutoni-mita, kinachoandikwa Nm, na kwa bolti ya milimita 6 inayotumika katika klampu nyingi kiasi hicho huwa kidogo kuliko mafundi wengi wanavyodhani, kama 5 hivi. Baadhi ya keria huja na ufunguo unaolia kijisauti au kuteleza kiasi kinapofikiwa. Asiye na ufunguo huo wala spana ya kupimia anaweza kutumia mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano ambayo wauza samaki hupimia. Spana ya urefu wa sentimita 15 huvishwa kwenye bolti, ndoano hutiwa kwenye ncha yake, na mizani huvutwa kwa pembe mraba na spana. Mizani ikisoma kilo 3.4 bolti imefikia Nm 5. Anayevuta hivyo mara moja hushangaa jinsi nguvu yenyewe ilivyo ndogo: ni ya kifundo cha mkono, bega halihusiki.

Nguvu hiyo ndogo inatosha kwa sababu bolti huizidisha. Bolti ya milimita 6 iliyokavu na safi, ikikazwa kwa Nm 5, huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 400. Ikipakwa grisi huvuta zaidi kwa mkazo uleule, kwani msuguano kwenye nyuzi umepungua, na kwa hiyo grisi haipakwi isipokuwa maelezo yameitaja. Sasa fikiria fundi anayechukua spana ya sentimita 30 na kuivuta kwa nguvu ya kilo 20, jambo ambalo mtu mzima hulifanya bila kujikamua. Amefikia karibu Nm 60, mara kumi na mbili ya kiasi kinachotakiwa. Muda mrefu kabla ya kufika hapo nyuzi za bolti zitakuwa zimechunika, au kulabu imeupinda ukingo wa mlango.

Ukingo uliopinda hautangazi mara moja. Mlango huanza kuhitaji kusukumwa zaidi ili ufunge, kisha mluzi wa upepo husikika gari likienda kasi, na mvua ya kwanza huleta unyevu kwenye kitambaa cha dari. Kipande cha karatasi kinaweza kuligundua tatizo mapema. Karatasi hubanwa kati ya mpira na mlango kabla ya kufunga keria, ikavutwa ili kujua inashikwaje. Baada ya kukaza hujaribiwa tena mahali palepale, umbali wa kiganja kutoka kwenye kulabu. Ikichomoka bila kizuizi chochote ilhali awali ilishikwa, klampu imezidishwa. Pembeni kabisa mwa kulabu karatasi huweza kulegea kidogo hata kazi ikiwa nzuri.

Klampu za mfereji hufuata kanuni hizohizo, ila zina adui mmoja wa ziada. Hapa mguu wote husimama ndani ya mfereji, na kibao cha nje huubana kwa chini, kwa hiyo mfereji ndio unaobeba na ndio unaoshikwa. Mfereji umeundwa kwa mabati yaliyounganishwa kwa nukta za kuchomelea na kuzibwa kwa gundi, na gundi ikipasuka maji hukaa ndani na kutu hula pasipoonekana. Kabla ya kufunga, mfereji hukaguliwa urefu wote kwa mpini wa bisibisi. Mahali penye rangi iliyovimba au panapotoa sauti ya kufa pakigongwa hapafai klampu. Kwa keria ndefu ya gari la mizigo, klampu tatu au nne kila upande ni bora kuliko mbili, kwani uzito hugawanyika kwenye sehemu kubwa ya mfereji. Klampu za kuchongwa mtaani mara nyingi hazina mpira wala kingo zilizolainishwa, hukata rangi siku ya kwanza, na kutu huanzia hapo. Kipande cha mpira wa tyubu chini ya kila mguu huokoa rangi, lakini mpira huo ukiwa mnene hubonyea safarini na kudai kukazwa tena.

Jaribio la mwisho kabla ya kupakia ni la mikono. Upau hushikwa karibu na mguu na kutikiswa kwa nguvu mbele na nyuma, kisha kulia na kushoto. Gari lote linapaswa kuyumba juu ya shokamzoba zake, na upau usihame hata nywele dhidi ya bati. Vipande viwili vya utepe wa kubandika vikiwekwa kwenye paa, kimoja mbele ya kikanyagio na kimoja nyuma yake, vitamwambia dereva baadaye kama mguu umesogea. Mstari wa rangi unaochorwa kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho jirani utamwambia kama nati imezunguka. Gharama ya vyote viwili ni dakika chache.

Katika kupakia, kinachowatisha watu ni uzito, lakini kinachong'oa keria mara nyingi ni upepo. Hapa godoro ni hatari kuliko gunia. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, upepo husukuma kila mita ya mraba inayoukabili kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 47. Kwa kilomita 50 nguvu hiyo ni robo tu, takriban kilo 12, kwa kuwa kasi ikiongezeka mara mbili msukumo huongezeka mara nne. Godoro lililolala limeuelekezea upepo unene wake tu, lakini likifungwa katikati peke yake, ncha ya mbele huinuka, upepo huingia chini, na godoro zima huwa tanga. Hapo kulabu ndizo zinazovutwa, na zinavutwa kwenda juu. Godoro hulazwa chini ya mzigo mwingine au hufungwa kwa mikanda miwili inayolikingama, mmoja karibu na ncha ya mbele, na mwingine wa tatu hushuka kutoka mbele hadi kwenye pete ya kuvutia gari iliyo chini ya bampa. Kamba isifungwe kwenye godoro peke yake bila kupita chini ya pau. Vilevile isipitishwe ndani ya gari kupitia madirishani ili kuokoa keria mbovu, kwani hulibana paa pale lilipo dhaifu na kuzuia milango kufunguka panapotokea dharura.

Breki nazo zina hesabu yake. Dereva akifunga breki kwa nguvu kwenye lami kavu, mzigo husukumwa mbele kwa nguvu inayoweza kufikia asilimia 80 ya uzito wake. Kilo 75 huwa msukumo wa kilo 60, na miguu minne hugawana takriban kilo 15 kila mmoja. Klampu iliyokazwa vizuri huhimili hilo bila shida. Iliyolegea huacha upau mmoja uteleze kwanza, na wa pili ukabaki na mzigo wote.

Ukaguzi wa kwanza wa safari hufanyika mapema, baada ya kilomita 50 au chini ya hapo. Mpira mpya hubonyea, kulabu hukaa mahali pake sawasawa, na mkazo wa bolti hupungua ingawa nati haikuzunguka. Kukazwa tena mara moja hapo ni jambo la kawaida. Likihitajika kila kituo, kuna kosa jingine: kulabu inakalia mpira wa mlango, nyuzi zimechunika, au klampu si ya gari hilo. Baada ya kipande cha barabara mbovu ukaguzi hurudiwa, na katika safari ndefu kila panapotiwa mafuta. Mluzi ulioanza ghafla, mgongo wa paa unaogonga kwenye matuta au utepe ulioachana na kikanyagio vyote ni sababu ya kusimama hapohapo.

Keria isiyo na kazi ifunguliwe. Hutafuna mafuta kwa kukinga upepo, na mpira unaoachwa miezi mingi juani hukauka, hupasuka na kugandamana na rangi. Wakati wa kufungua pia hufuatwa zamu, kulia kidogo na kushoto kidogo, na bolti hurudishwa kwenye mguu wake wenyewe kabla ya kuwekwa stoo, pamoja na funguo yake. Nati ya nailoni, ile yenye mduara wa plastiki ndani unaozuia kuzunguka, hupoteza mshiko kadiri inavyofunguliwa. Ikianza kuzungushwa kwa vidole vitupu hadi mwisho, inunuliwe nyingine.